Picha ya GB 12 kwenye simu ya sheha

Ukirusha droni juu ya shehia moja, ukaunganisha picha zake kwenye kompyuta hadi zikawa picha moja kubwa iliyonyooshwa kama ramani, mwisho wa kazi utabaki na faili moja linaloishia na `.tif`. Kila nukta iliyomo inajua ilipo duniani: huu hapa ni mnazi, hapo ni paa la skuli, pale ni ukuta wa kiwanja. Faili la namna hii linaitwa GeoTIFF. Ni picha ya TIFF ya kawaida, umbo lililobuniwa mwaka 1986 kwa ajili ya kazi za uchapaji, ambalo katika miaka ya 1990 liliongezewa taarifa za mahali.

Kwenye kompyuta ya ofisini faili hilo linafunguka bila taabu. Matatizo huanza pale linapowekwa mtandaoni ili watu waliopigiwa picha nao waione ramani yao. Sheha anafungua kiungo kwenye simu, duara linazunguka, bando linakwenda, na kioo kinabaki cheupe. Wengi husema mtandao ni mbovu, au seva ni dhaifu. Mara nyingi mtandao hauna kosa na seva haina kosa. Kosa limo ndani ya faili, katika mpangilio wa baiti zake, na linarekebishika kwa amri moja.

Zanzibar ni mahali pazuri pa kulielezea jambo hili. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walikuwa miongoni mwa warushaji. Picha nyingi za mradi huo ziliwekwa wazi kwenye OpenAerialMap, na yeyote duniani anaweza kuzifungua, kuzikuza na kuona paa moja moja. Zinafunguka kwa sababu hazikuwekwa jinsi zilivyotoka kwenye programu ya kuunganishia picha. Zilipangwa upya kwanza, katika umbo linaloitwa Cloud Optimized GeoTIFF, kwa kifupi COG.

Ili tuone kinachobadilika, tuchukue faili moja la mfano na tukae nalo mpaka mwisho. Tuseme ni picha ya shehia yenye upana wa kilomita 3 na urefu wa kilomita 2.5, na kila pikseli ni sentimita 5 ardhini. Hizo ni pikseli 60,000 kwa 50,000, yaani pikseli bilioni 3. Kila pikseli ina baiti 4: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne inayosema kama hapo pana picha au ni nje ya mpaka wa urushaji. Bilioni 3 mara 4 ni baiti bilioni 12, na ndiyo GB 12 tulizo nazo mkononi.

Jambo la kwanza la kufanya ni kulichungulia faili lenyewe. Chombo chake ni GDAL, mkusanyiko wa programu huria za kusoma na kuandika ramani za picha, ambao unakuja pamoja na QGIS. Mwenye Windows aliyeweka QGIS tayari anayo. Afungue dirisha linaloitwa OSGeo4W Shell na aandike:

```
gdalinfo shehia.tif
```

Yatatoka maandishi mengi kuhusu kodineti na mipaka. Yaache. Tafuta mistari hii ya chini:

```
Size is 60000, 50000
Band 1 Block=60000x1 Type=Byte, ColorInterp=Red
Band 2 Block=60000x1 Type=Byte, ColorInterp=Green
Band 3 Block=60000x1 Type=Byte, ColorInterp=Blue
Band 4 Block=60000x1 Type=Byte, ColorInterp=Alpha
```

Ugonjwa wote umeandikwa hapo. `Block=60000x1` maana yake picha imehifadhiwa kwa mistari, kila mstari ukitoka ukingo wa magharibi hadi ukingo wa mashariki, pikseli 60,000 kwa mara moja, kisha mstari wa pili chini yake, na kuendelea hadi wa 50,000. Na cha pili ni kile ambacho hakipo: hakuna neno `Overviews` popote. Faili hili halina nakala ndogo ya picha. Lina ile kubwa tu.

Mpangilio wa mistari ni kama mkeka ulioshonwa kwa ukili mrefu: ukitaka kipande cha kiganja kutoka katikati, itakubidi uvute kila ukili kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tupige hesabu. Sheha anataka kuona eneo la pikseli 512 kwa 512, kama mita 25 kwa 25, yaani nyumba moja na uwanja wake. Eneo hilo limekatwa na mistari 512. Kila mstari una baiti 240,000. Programu inayosoma mstari mzima mzima italazimika kuchukua karibu MB 123 ili kuonyesha nyumba moja, ilhali pikseli zenyewe zinazotakiwa hazizidi MB 1.

Akitaka kuona shehia nzima hali huwa mbaya zaidi. Kioo chake kina upana wa pikseli 1,000 hivi, kwa hiyo pikseli 60 kwa 60 za faili zinaingia kwenye nukta moja ya kioo. Programu ikitaka kuipiga picha wastani wa haki, itasoma GB 12 zote. Ikiamua kukwepa kazi hiyo na kusoma mstari mmoja katika kila 60, bado ni mistari 830 na ushei, karibu MB 200, na matokeo yake ni picha yenye chengachenga, kwa sababu mistari 59 kati ya 60 imerukwa na njia nyembamba zinakatikakatika. Hata nyuzi ya kasi haiwezi kuifanya kazi hiyo iwe nyepesi, sembuse simu iliyo pembezoni mwa mnara.

COG inaondoa matatizo haya mawili kwa njia mbili, na ya tatu inayoziunganisha.

Njia ya kwanza ni vigae. Badala ya mistari mirefu, picha inakatwa miraba ya pikseli 512 kwa 512, na kila mraba unabanwa peke yake na kuhifadhiwa mahali pamoja. Picha yetu inatoa vigae 118 kwa upana na 98 kwa urefu, jumla 11,564. Nyumba ya sheha sasa imo ndani ya kigae kimoja, au vinne ikiwa imeangukia kwenye kona.

Njia ya pili ni nakala ndogo, zile ambazo `gdalinfo` inaziita `Overviews`. Picha inapunguzwa nusu kwa nusu: 30,000 kwa 25,000, kisha 15,000 kwa 12,500, kisha 7,500 kwa 6,250, na kuendelea kushuka hadi nakala ya mwisho itoshe ndani ya kigae kimoja. Kwa faili letu hizo ni nakala saba, zote zikikaa ndani ya faili lilelile. Watu husikia nakala saba wakaogopa kwamba faili litavimba mara saba. Halivimbi hivyo. Kila nakala ina robo ya pikseli za ile iliyo juu yake, na robo, na robo ya robo, na kuendelea, jumla yake haizidi theluthi moja ya picha kubwa. Kwa theluthi hiyo, yule anayetaka kuona shehia nzima anapewa nakala ya pikseli 937 kwa 781, ambayo ni vigae vinne tu.

Ya tatu ni mpangilio. Faili la TIFF lina jedwali linalosema kila kigae kinaanzia baiti ya ngapi na kina urefu gani. Katika TIFF ya kawaida jedwali hilo linaweza kukaa popote, hata mkiani mwa faili. Katika COG linakaa mwanzoni, kisha zinafuata pikseli za nakala ndogo kabisa, halafu kubwa zaidi, na picha kamili mwishoni. Msomaji anachukua KB chache za mwanzo, anajua kila kitu kiko wapi, kisha anaiomba seva baiti zile tu anazozihitaji. Ombi la namna hiyo ni sehemu ya HTTP ya siku zote: kivinjari kinasema nipe kuanzia baiti fulani hadi fulani, na seva inakata kipande hicho na kukituma. Ndiyo maana COG haihitaji seva maalumu ya ramani. Hifadhi ya kawaida ya mafaili mtandaoni inatosha, mradi ijue kujibu ombi la kipande.

Sasa amri yenyewe. Inahitaji GDAL ya toleo la 3.2 au jipya zaidi:

```
gdal_translate shehia.tif shehia_cog.tif \
  -b 1 -b 2 -b 3 -mask 4 \
  -of COG \
  -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 \
  -co OVERVIEW_RESAMPLING=AVERAGE \
  -co BIGTIFF=IF_SAFER \
  -co NUM_THREADS=ALL_CPUS
```

Kwenye Windows iandike yote kwa mstari mmoja na uondoe zile alama za mkwaju wa nyuma. Kabla ya kubonyeza, hakikisha diski unakoandikia ina nafasi ya kutosha, kwa sababu GDAL huandika mafaili ya muda pembeni ya faili jipya wakati inatengeneza nakala ndogo, na huyafuta ikimaliza. Diski ikijaa katikati, kazi yote inakatika.

Sehemu ya `-of COG` ndiyo inayofanya yale matatu niliyoyaeleza: inakata vigae vya 512, inatengeneza nakala ndogo, na inapanga kila kitu kwa utaratibu wake. Zamani mtu alilazimika kuendesha amri mbili au tatu kwa mfuatano usiokosewa. Tangu GDAL 3.1 ya mwaka 2020 mambo hayo yamo ndani ya neno moja, na sioni sababu ya mtu kufuata tena maelekezo ya zamani anayoyakuta mtandaoni.

`BIGTIFF=IF_SAFER` inahusu ukubwa. TIFF ya asili inahesabu baiti zake kwa namba ya biti 32, na namba hiyo inaishia GB 4. Faili likizidi hapo linahitaji aina iitwayo BigTIFF, yenye namba za biti 64. Kwa neno hilo tunaiambia GDAL itumie BigTIFF kila inapoona kuna hatari ya kuuvuka mpaka huo, badala ya kuugundua ikiwa imeshafanya nusu ya kazi.

`COMPRESS=JPEG` yenye ubora wa 85 ndiyo inayoshusha ukubwa. Kwa picha za droni zenye miti na mapaa, ukubwa hushuka kwa kawaida hadi karibu sehemu ya kumi, na jicho haliioni tofauti kwenye ramani. Lakini JPEG hutupa taarifa kidogo kila inapobana, na kilichotupwa hakirudi. Kwa kuangalia, inafaa kabisa. Kwa kumbukumbu ya kudumu, haifai.

Nataka nikae kidogo kwenye `-mask 4`, kwa sababu hapa ndipo ramani nyingi nzuri zinapochafuka. Eneo lililorushwa droni halina umbo la mstatili. Kingo zake ni za meno meno, na nje yake hakuna picha. Watu wengi hulijaza eneo hilo weusi, yaani namba 0, kisha wanaiambia programu kwamba 0 maana yake hakuna kitu. Kwenye faili lisilobanwa jambo hilo linakubalika. JPEG ikipita juu yake, weusi wa 0 ulio karibu na ukingo unageuka 1, 2 au 3, maana JPEG hukadiria rangi kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8 na rangi za jirani humwagikiana. Pikseli ya 2 si 0 tena, kwa hiyo inaonyeshwa. Ukiiweka ramani hiyo juu ya ramani nyingine utaona pindo chafu jeusi limeizunguka shehia nzima, kama moshi. `-mask 4` inaikwepa hali hiyo: inachukua ile baiti ya nne, iliyokuwa ikisema wapi pana picha na wapi hapana, na kuihifadhi kando kama kinyago kisichoguswa na JPEG. Kingo zinabaki safi.

Kazi ikiisha, chungulia tena:

```
gdalinfo shehia_cog.tif
```

Safari hii unatafuta mambo manne: `LAYOUT=COG` katika sehemu ya `Image Structure Metadata`, `Block=512x512` badala ya `60000x1`, mstari wa `Overviews` wenye orodha inayoanza na `30000x25000`, na `Mask Flags: PER_DATASET`. Yakiwepo yote, faili liko sawa. Anayetaka uthibitisho wa ziada aweke programu ndogo ya Python iitwayo `rio-cogeo`, kisha aandike:

```
rio cogeo validate shehia_cog.tif
```

Itamjibu kwamba faili ni `valid cloud optimized GeoTIFF`, au itamtajia kilichokosekana.

Mpaka hapa tumezungumzia picha ya kuangaliwa kwa macho. Kuna ramani nyingine ambazo pikseli zake si rangi, na hapo `AVERAGE` ya amri ile ya juu, au hata amri isiyotaja `OVERVIEW_RESAMPLING` kabisa, italeta uongo kwenye ramani. Chukua ramani ya matumizi ya ardhi, ambamo kila pikseli ni namba ya kundi: 1 ni bahari, 3 ni mikoko, 5 ni nyumba. Namba hizi ni majina tu, hazina ukubwa. Ukizipunguza kwa kutafuta wastani, pikseli za ufukweni ambako 1 na 5 zinakutana zitatoa 3. Kwenye nakala ndogo kutatokea mstari wa mikoko kati ya bahari na nyumba za pwani, mahali ambapo hakuna hata mti mmoja wa mkoko. Usipotaja lolote, GDAL kwa ramani isiyo na jedwali la rangi itatumia njia iitwayo `CUBIC`, ambayo nayo inachanganya namba kwa namna yake.

Dalili yake ni rahisi kuitambua ukiijua: ukiwa umerudi nyuma unaona mikoko ufukweni, ukikaribia inatoweka. Picha kamili ni sahihi, nakala ndogo ndizo zinazodanganya. Na kwa kuwa watu wengi huiangalia ramani wakiwa wamerudi nyuma, wengi wataondoka na taarifa ya uongo. Dawa ni kuchagua kundi lililo wengi katika kila kikundi cha pikseli, na kubana kwa njia isiyopoteza kitu:

```
gdal_translate ardhi.tif ardhi_cog.tif -of COG \
  -co COMPRESS=DEFLATE -co OVERVIEW_RESAMPLING=MODE
```

Ramani ya mwinuko wa ardhi, ile inayotumika kujua maji ya mvua yatakwenda wapi, ni kitu cha tatu. Pale namba zina ukubwa wa kweli, mita juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wastani ni halali. Ila JPEG isiguse. Tumia `DEFLATE` pamoja na `-co PREDICTOR=YES`, ambayo huhifadhi tofauti kati ya pikseli na jirani yake na hivyo kupunguza ukubwa bila kubadilisha sentimita moja.

Turudi kwenye picha yetu ya shehia. Faili sasa ni safi. Limebaki suala la mahali pa kuliweka. Hapa kuna seva zinazoharibu kazi nzuri kwa kutojibu ombi la kipande. Unaiomba KB 16 za mwanzo, yenyewe inakutumia faili lote. Kivinjari hakitakuambia, utaona tu ramani imerudi kuwa nzito ilivyokuwa. Pima kabla ya kumpa mtu kiungo, ukiweka anwani yako badala ya hii ya mfano:

```
curl -s -r 0-16383 -o /dev/null -D - https://mfano.example/shehia_cog.tif
```

Kwenye Windows andika `NUL` badala ya `/dev/null`. Jibu unalolitaka lina namba 206, `Partial Content`, na mstari wa `Content-Range: bytes 0-16383/` ukifuatiwa na ukubwa wa faili lote. Ukiona 200, seva haijakuelewa. Hili huwapata sana wanaojaribu kwenye kompyuta yao kwa `python3 -m http.server`, seva ndogo inayokuja na Python: haijui vipande. Mtu hukaa mchana kutwa akilitafuta kosa ndani ya faili lisilo na kosa.

Namba 206 ikipatikana, njia rahisi ya kuiona ramani ni kuifungua kwenye QGIS kwa kiungo. Ongeza tabaka la rasta, chagua `Protocol: HTTP(S)`, bandika anwani. Inatokea ndani ya muda mfupi, na ukikuza inaleta vigae vya pale ulipo tu. Kwa ramani ya kwenye tovuti kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia maktaba kama OpenLayers isome COG moja kwa moja ndani ya kivinjari. Hapo mwenye hifadhi lazima aruhusu tovuti nyingine kusoma mafaili yake, mpangilio unaojulikana kama CORS. Bila ruhusa hiyo QGIS itafungua vizuri na kivinjari kitakataa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha kosa liko wapi. Ya pili ni kuweka katikati programu kama TiTiler, inayosoma COG na kutoa vipande vya picha vya kawaida ambavyo ramani yoyote ya tovuti inavielewa. Kwa watumiaji wa simu za bei nafuu napendelea ya pili, kwa sababu kazi ya kufungua na kunyoosha vigae inafanyika kwenye seva, simu inapokea picha iliyokamilika.

Kunyoosha huko kunatokana na mfumo wa kodineti. Picha ya droni ya Unguja kwa kawaida imo katika UTM kanda ya 37 kusini, EPSG:32737, ilhali ramani za tovuti hutumia EPSG:3857. GDAL inaweza kuihamisha picha wakati huohuo wa kuitengeneza, kwa kuongeza `-co TILING_SCHEME=GoogleMapsCompatible`, ili vigae vyake viangukie sawasawa kwenye vigae vya ramani ya tovuti. Faida ni wepesi kidogo zaidi. Hasara ni kwamba pikseli zinakokotolewa upya na hazilingani tena na zile za awali. Ikiwa una TiTiler, usijisumbue. Acha faili kwenye UTM.

Onyo moja linawahusu wanaopenda kurekebisha. COG ikishatengenezwa, usiiguse. Ukiendesha `gdaladdo` juu yake ili kuongeza nakala ndogo, au `gdal_edit.py` ili kusahihisha taarifa fulani, GDAL mpya itakataa usipoilazimisha; ukiilazimisha, au ukitumia GDAL ya zamani, mabadiliko yanaandikwa mkiani mwa faili na ule mpangilio wa mwanzo unavunjika. Faili litaendelea kufunguka, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu litafunguka taratibu na hutajua kwa nini. Sahihisha faili la asili, kisha tengeneza COG mpya.

COG ina mpaka wake pia. Kila mtazamaji anaposogeza ramani, ombi jipya linakwenda kwenye hifadhi, na hifadhi nyingi za kukodi hutoza kwa kila ombi na kwa kila GB inayotoka. Kwa ramani ya shehia, ya manispaa, au ya mafuriko ya wiki hii, gharama hiyo ni ndogo na unapata wepesi wa kubadilisha picha siku yoyote. Kwa ramani ya msingi inayofunguliwa na maelfu ya watu kwa saa, isiyobadilika mwaka mzima, ni nafuu zaidi kutengeneza vipande vya picha mara moja na kuviweka tayari.

Na ukishaiweka shehia_cog.tif mtandaoni, tafadhali usiifute shehia.tif. Nakala ya mtandaoni ni ya JPEG, ni ya kuangalia. Siku watu wawili watakapobishania ukuta wa mpaka, au mtu atakapotaka kupima upya kwa sentimita, faili litakalohitajika ni lile la GB 12. Litunze kwenye diski mbili zilizo majengo mawili tofauti, pamoja na tarehe ya kurushwa droni na jina la aliyerusha.